Mteremko wa Logi, Hata Upande wa Hasi

Logi ya kizio e, yaani ln x, ina mteremko wa 1/x. Je, kizio kikiwa 10? Kumbuka kwamba log₁₀ x ni ln x iliyogawanywa kwa ln 10, namba isiyobadilika, takriban 2.303. Basi mteremko ni 1/(x ln 10); penye x = 5 ni kama 0.087.

Namba hasi hazina logi halisi, lakini ln|x| huzipokea. Hapo |x| ni −x, na mteremko wa ln(−x) ni 1/(−x) mara −1, yaani 1/x tena. Wengi hukosea kwa kuandika 1/|x|. Penye x = −2 mchoro unashuka, hivyo jibu ni −0.5. Ukipata jibu chanya hapo, rudia hesabu.