Mafuta Yanayobaki Chini ya Krimu

Wengi huamini kwamba ukishaengua krimu, maziwa yaliyobaki hayana mafuta. Kwa maziwa yanayoenguliwa nyumbani, si kweli.

Maziwa halisi ya ng'ombe huwa na mafuta ya asilimia 3.5 hadi 5 hivi. Ya ng'ombe wa Jezi ni mazito kuliko ya Frizia. Kiwandani hupitishwa kwenye mashine inayozunguka kwa kasi, na yanayotoka bila krimu huwa na mafuta yasiyofika nusu ya asilimia moja. Jikoni tunategemea uzito tu: mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo vitone vyake hupanda juu polepole.

Chukua maziwa mabichi yaliyokamuliwa siku hiyohiyo, yachuje, uyatie kwenye chombo safi cha kioo chenye mdomo mpana, ufunike na kuyaweka ndani ya friji kwa saa 24. Baridi haizuii kazi, bali huiharakisha. Maziwa mabichi ya ng'ombe yana protini ambayo, yakipoa, huvishikanisha vitone vya mafuta, na fungu la vitone hupanda upesi kuliko kitone kimoja. Ndiyo maana maziwa ya mbuzi hujitenga kwa shida, na ya ng'ombe yakishachemshwa hukawia. Maziwa mengi ya pakiti hayajitengi kabisa, kwani vitone vyake vimepasuliwa kiwandani vikawa vidogo mno. Usiweke chombo mlangoni mwa friji, maana kila ukiufungua krimu inavurugika.

Kesho yake utaona mstari: juu tabaka lenye umanjano, chini maziwa meupe yanayoelekea ubuluu. Engua kwa upawa mdogo, taratibu, ukisimama kabla ya kuufikia mstari. Kisha chemsha krimu na maziwa, kila kimoja peke yake, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kuleta kifua kikuu au homa ya brusela. Utando unaoganda juu ya maziwa yaliyochemshwa ni kitu kingine; humo mafuta yamechanganyika na protini.

Sasa tupige hesabu. Kilo 5 za maziwa yenye mafuta asilimia 4 zina gramu 200 za mafuta. Tuseme umeengua gramu 700 za krimu yenye asilimia 22: umeondoa gramu 154. Gramu 46 zimebaki ndani ya kilo 4.3 za maziwa, yaani kama asilimia 1. Ukiengua kwa pupa ukazama chini ya mstari, krimu yako itakuwa nyepesi tu.

Kwa chai na uji, maziwa hayo yanatosha kabisa. Lakini kama daktari amekuambia uache mafuta ya maziwa, usitegemee upawa. Nunua yaliyoondolewa mafuta kiwandani, na usome asilimia iliyoandikwa kwenye pakiti.