Barua ya Kihispania Kutoka Khwisero

Katika ufadhili mwingi wa vyuo vikuu vya Hispania, vyeti huonyesha kama mwombaji anastahili kufikiriwa, na barua ndiyo humtofautisha na wenzake wenye alama kama zake. Wahispania huiita carta de motivación, na Meksiko utaikuta kwa jina la carta de exposición de motivos. Kazi yake ni ileile: kumweleza msomaji kwa nini wewe, kwa nini kozi hii, na utafanya nini nayo ukimaliza. Ukurasa mmoja unatosha, isipokuwa tangazo liwe limetaja urefu mwingine.

Tuchukue mfano. Msichana wa Khwisero, nyumbani kwao upande wa Mwihila, amemaliza uhandisi wa ujenzi katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mjini Kakamega. Anataka shahada ya uzamili ya uhandisi wa maji katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Valencia, ambako kozi inaitwa Máster Universitario en Ingeniería Hidráulica y Medio Ambiente. Fedha anaweza kuzitafuta kwenye ufadhili wa chuo chenyewe au kwa mashirika kama Mujeres por África, wakfu ulioanzishwa mwaka 2012 na María Teresa Fernández de la Vega, aliyewahi kuwa makamu wa waziri mkuu wa Hispania. Mpango wake wa Learn Africa huwapeleka wanawake wa Afrika katika vyuo vikuu vya Hispania. Kila tangazo lina masharti yake, na ni lazima alisome lote kabla hajaandika neno la kwanza.

Sasa anaketi kuandika. Mwanafunzi aliyelelewa na barua za kwetu huanza kwa salamu ndefu, akatumaini kuwa wasomaji ni wazima, akajitambulisha majina yote matatu, kisha akaeleza jinsi familia yake ilivyo maskini. Aya mbili zimekwisha na kamati bado haijui anaomba nini. Barua rasmi ya Kihispania huingia moja kwa moja. Juu kuna mahali na tarehe, mwezi ukianza kwa herufi ndogo: Khwisero (Kakamega, Kenia), 10 de febrero de 2025. Chini yake salamu, Estimados miembros de la comisión, ikifuatwa na nukta mbili, si mkato. Wakenya wengi huweka mkato kwa mazoea ya Kiingereza. Hutakosa nafasi kwa mkato, lakini msomaji ameshaona kwamba barua imepitia lugha nyingine kabla ya kumfikia.

Sentensi ya kwanza itamke ombi: "Me dirijo a ustedes para solicitar una beca para el Máster Universitario en Ingeniería Hidráulica y Medio Ambiente." Yaani, ninawaandikia kuomba ufadhili wa kozi fulani. Kitenzi ni solicitar. Anayefikiri kwa Kiingereza huandika aplicar, neno ambalo Hispania humaanisha kupaka dawa au kutumia kanuni, ingawa Amerika ya Kusini wengi wamelizoea kwa maana ya kuomba nafasi. Shahada nayo ina mtego. Akiandika kwamba ana bachillerato ya uhandisi, msomaji wa Valencia ataelewa kuwa ana cheti cha sekondari, kwa sababu huko bachillerato ni miaka miwili ya mwisho ya shule. Msomaji wa Kosta Rika angeelewa vingine, kwani kwao huweza pia kuwa shahada ya chuo. Njia salama ni kueleza badala ya kutafsiri: "título universitario de cinco años en Ingeniería Civil". Miaka mitano ya uhandisi wa Kenya inaonekana wazi, na hakuna wa kubahatisha.

Aya ya pili ndiyo moyo wa barua. Hapa wengi huandika kwamba maji ni uhai na kwamba tangu utotoni wamependa maji. Kamati imesoma hayo katika barua ya Lima, ya Dakar na ya Manila. Ambacho haijasoma ni Khwisero. Tangu mwaka 2004 wanafunzi wa uhandisi kutoka Chuo Kikuu cha Jimbo la Montana, Marekani, wamekuwa wakishirikiana na wenyeji wa Khwisero kuchimba visima na kujenga vyoo katika shule za msingi. Msichana wetu alisoma katika mojawapo ya shule za aina hiyo. Alipanga foleni kwenye pampu, na pampu ilipoharibika akarudi mtoni na dumu. Anajua jambo ambalo mchimbaji aliyerudi kwao huenda halijui: kisima kikishachimbwa, shida inahamia kwenye kipuri, fundi, na mtu wa kukilipia.

Tuseme basi kwamba kwa mradi wake wa mwaka wa mwisho alizungukia visima kumi na viwili na daftari. Aandike hivi: "En mi escuela la bomba se averiaba a menudo y nadie sabía repararla. En 2024 visité doce pozos de Khwisero y anoté la fecha de cada avería y los días que tardaba en llegar el repuesto." Pampu ya shule yetu ilikuwa ikiharibika mara kwa mara na hakuna aliyejua kuitengeneza. Mwaka 2024 nilitembelea visima kumi na viwili vya Khwisero, nikaandika tarehe ya kila hitilafu na siku ambazo kipuri kilichukua kufika.

Tazama vitenzi. Se averiaba na sabía ni hali iliyokuwa ikiendelea au kujirudia; visité na anoté ni matendo yaliyotendwa yakaisha. Mwanafunzi anayesoma Kihispania kwa kupitia Kiingereza huteseka sana hapa, maana kitenzi kimoja cha Kiingereza hubeba zote mbili. Lakini Mswahili anayo tofauti hiyo mdomoni. Pale ambapo angesema "ilikuwa ikiharibika", Kihispania kitataka se averiaba. Pale ambapo angesema "nilitembelea" kwa tukio lililokwisha, kitataka visité. Kipimo hiki hakitamaliza kila shida, kwa kuwa -li- yetu wakati mwingine hubeba hali pia, kama katika "hakuna aliyejua". Hata hivyo kwa aya ya maisha yaliyopita kinaepusha makosa mengi kuliko jedwali lolote la vitenzi. Ndiyo sababu huwashauri wanafunzi wapange aya hii kwanza kwa Kiswahili na kuiruka kabisa rasimu ya Kiingereza.

Jambo jingine ambalo Kiswahili hakitukumbushi ni jinsia ya anayesema. Violezo vinavyouzwa kwenye saiba vingi vimeandikwa na mwanamume: estoy interesado, estoy convencido. Msichana akivinakili, barua inasema kwa sauti ya kiume na kutiwa sahihi na mwanamke. Aandike interesada, convencida, graduada. Hakuna kosa linalofichua haraka zaidi kwamba barua ni ya mtu mwingine, na msomaji akishalishuku hilo ataanza kuzitilia shaka hata sentensi zilizo za mwombaji kweli.

Aya ya tatu iunganishe kisima na kozi. Kuna kishawishi cha kuusifu mji. Valencia ina mahakama ya maji ya wakulima ambayo hukutana kila Alhamisi adhuhuri kwenye mlango wa kanisa kuu, na UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2009. Ni habari tamu, na ndiyo sababu kila mwombaji ataibandika. Kwa mwanafunzi wa umwagiliaji ingefaa. Kwa huyu wa pampu za shule ni pambo tu. Afadhali EPANET, programu ya kompyuta ya kukokotoa mtiririko na shinikizo la maji katika mabomba. Ilitengenezwa na idara ya mazingira ya Marekani, na toleo lake la Kihispania lilitayarishwa na watafiti wa chuo hichohicho cha Valencia. Kama msichana wetu aliitumia Masinde Muliro, aseme aliitumia kwa kazi gani, wapi ilimshinda, na somo gani katika mpango wa kozi linashughulikia pale iliposhindikana. Jina la somo alinakili kutoka ukurasa wa kozi kama lilivyo. Ikiwa hajawahi kuigusa EPANET, asiitaje.

Kuhusu kurudi nyumbani, ahadi ya kuisaidia Afrika haina uzito wowote. Tangu Katiba ya 2010, huduma za maji nchini Kenya ziko mikononi mwa serikali za kaunti, kwa hiyo anaweza kutaja mahali halisi pa kazi: serikali ya kaunti ya Kakamega, ambayo kwa Kihispania ni gobierno del condado de Kakamega, au wakala wa ujenzi wa miradi ya maji wa kaskazini mwa Ziwa Viktoria, wenye makao mjini Kakamega. Sentensi moja ya kile atakachopeleka huko, kwa mfano utaratibu wa kuweka vipuri karibu na visima, inatosha. Umaskini wa familia nao una mahali pake. Tangazo likiuliza kipato, ajibu kwa tarakimu na barua ya chifu, si kwa kilio ndani ya barua hii.

Kufunga ni kufupi: "Quedo a su disposición para cualquier aclaración", niko tayari kutoa ufafanuzi wowote, halafu Atentamente, kisha jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Fomu ya mtandaoni itauliza majina mawili ya ukoo, kwa sababu Wahispania huchukua moja la baba na moja la mama. Mkenya ajaze lile ambalo pasipoti inaliita la ukoo na, fomu ikiruhusu, aache la pili wazi. Wapo wanaobuni la pili kwa kugawanya majina yao, na barua ya kukubaliwa ikifika, jina halilingani na pasipoti wakati wa viza.

Suala la nani aandike haliepukiki. Kusahihishiwa ni halali, na mtu mwingine lazima aisome. Lakini mwombaji wa kiwango cha B1 anayepeleka barua ya kiwango cha C1 anajitegea mtego. Kwenye mahojiano ya video mtu ataanza, "Cuéntenos lo de los pozos", tuelezee habari ya visima, na pale hakuna kiolezo. Naona bora sentensi fupi alizozielewa mwenyewe, hata zikiwa kavu kidogo. Njia ya kujua ni kumwambia aifunike barua na kuisimulia aya ya pili kwa Kihispania. Neno linalomkwamisha ndilo la kubadilishwa.

Imebaki habari ya saa. Tangazo likisema mwisho ni 14:00, hora peninsular, ni saa za Hispania bara, si za visiwa vya Kanari. Wakati wa baridi kule, Khwisero itakuwa saa kumi jioni. Wakati wa kiangazi, saa tisa alasiri, kwa sababu Hispania husogeza saa nasi hatusogezi. Umeme wa kijijini ukiwa na tabia ya kupotea alasiri, faili litumwe jana yake.