Laini Hurudi, Majina Hayarudi

Mtumiaji aliyepoteza simu huenda kwa mtoa huduma wake, huthibitisha utambulisho wake, na hupewa laini mpya yenye namba ileile. Wengi hudhani kuwa majina waliyohifadhi kwenye laini ya awali yatarudi pamoja na namba hiyo. Hayarudi. Namba hutambuliwa na mitambo ya mtoa huduma, ilhali majina huandikwa ndani ya kadi yenyewe; kadi ikipotea, nayo hupotea.

Laini ina kikomo kingine: kadi nyingi hubeba majina yapatayo 250, tena kwa ufupi, jina na namba tu. Hata hivyo, haihitaji intaneti, na inamfaa mwenye kitochi.

Akaunti ya mtandaoni, kama ile ya Google, hutunza nakala nje ya simu. Ukiingia katika akaunti hiyo kwenye simu nyingine, majina hurejea. Lakini hurejea yale tu yaliyohifadhiwa humo, na ni sharti uikumbuke nywila yako.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara mwenye majina 320: 200 yako kwenye laini, 70 kwenye kumbukumbu ya simu na 50 kwenye akaunti. Simu ikiibwa na laini ikiwa ndani yake, atapata 50 pekee. Wateja 270 hatawapata tena, ingawa namba yake mwenyewe imerejeshwa.

Angeweza kuzuia hasara hiyo kwa kuhamishia majina kwenye faili. Katika simu nyingi za Android, fungua programu ya `Contacts`, kisha tafuta sehemu ya `Organize` au `Settings`. Kwanza chagua `Import`, uonyeshe laini, na uelekeze majina yake kwenye akaunti yako. Kisha chagua `Export`. Ukiulizwa ni majina ya wapi yahamishwe, jumuisha yaliyo kwenye simu na yaliyo kwenye akaunti. Simu itatengeneza faili ambalo jina lake huishia na `.vcf`, kwa mfano `contacts.vcf`.

Faili likibaki ndani ya simu, litaibwa pamoja nayo. Jitumie kwa barua pepe au linakili kwenye kompyuta. Kumbuka pia kwamba faili halijisasishi: jina utakaloongeza kesho halitakuwamo, hivyo tengeneza jipya mara kwa mara. Aidha, kwa kawaida faili hili halina nywila. Yeyote atakayelipata atasoma namba za watu waliokuamini. Usilitume katika makundi.

Tunamshauri mwenye simu janja aifanye akaunti kuwa mahali pa kudumu pa kuhifadhi kila jina jipya, na faili liwe akiba. Mwenye kitochi aendelee kutumia laini, lakini aandike namba muhimu kwenye daftari analoliacha nyumbani.