Sista Alishika Tochi

Kisa hiki nilikisikia mara tatu kabla ya kukiandika. Mara ya kwanza alinisimulia mhudumu wa wodi: umeme ulikatika saa 8 usiku, jenereta ikagoma, mama mmoja alikuwa amejifungua na msamba umechanika, na Sista akamshona gizani. Mara ya pili nilikipata kwa daktari. Kwake yeye, Sista alishona huku tochi ameibana kwa meno. Mara ya tatu nilimtafuta mkunga aliyekuwa zamu usiku ule, ambaye wakati huo alikuwa na miezi 4 tu kazini.

"Hapana," akaniambia. "Niliyeshona ni mimi. Sista alishika tochi. Mikono ilikuwa inanitetemeka, nikamwomba achukue sindano. Akasema, 'Endelea, nakuona.' Alisimama vile vile kama dakika 40, mpaka nikafunga fundo la mwisho."

Nilikuwa nimepewa kazi ya kuandika na kusoma hotuba ya kumuaga. Sista alikuwa inchaji wa wodi yetu ya wazazi, nami nilikuwa msaidizi wake kwa miaka 6 ya mwisho. Kisa cha tochi kilitokea kabla sijahamia. Alikuwa anatimiza miaka 60, umri ambao mtumishi wa umma Tanzania hustaafu kwa lazima. Sheria ingemruhusu kuondoka kwa hiari tangu akiwa na 55, lakini alibaki.

Ukizitazama zile simulizi tatu utaona jambo ambalo limenifanya niandike makala haya. Mbili za mwanzo zinamsifu zaidi, ila zinamwondoa Sista mwenyewe na kumweka shujaa ambaye angeweza kuwa mtu yeyote. Ya tatu inamrudisha. Muuguzi mwenye uzoefu wake angeweza kumaliza mshono ule kwa nusu ya muda. Alichagua kuwa taa, kwa sababu binti yule angekuja kushona usiku mwingine akiwa peke yake.

Rasimu yangu ya kwanza haikuwa na kisa hicho. Ilianza na nguzo ya hospitali, ikaja kwa mama wa wote, ikaishia kwenye pengo lisilozibika. Nilimsomea dada yangu, akaniuliza kama ni risala ya msiba. Nilipoirudia niliona alikuwa na haki ya kuuliza. Maneno yetu mengi ya kumuaga mstaafu tumeyaazima makaburini, na hata nyakati za vitenzi zinatuponza. "Alikuwa mtu mwenye huruma," tunasema, na mwenyewe ameketi hapo mbele na kitenge kipya begani. Kazi aliyoimaliza inastahili "-li-". Tabia yake bado anayo, kwa hiyo Sista ni mkali, Sista huamka mapema, Sista anapenda chati iliyojazwa kwa ukweli. Nilipopitia rasimu kwa jicho hilo tu, nusu ya huzuni isiyo na sababu ikaondoka.

Baada ya hapo nikaenda kwa watu. Mwanzoni niliwauliza Sista ni mtu wa namna gani, nikapewa mchapakazi, mcheshi, mpenda watu, maneno ambayo yangemfaa hata mlinzi wa geti. Nikabadilisha maswali. Akiingia wodini, anagusa nini kwanza? Kuna kitu gani ulikuwa unakifanya, ukaacha kwa sababu yake? Hapo watu walinyamaza kidogo, wakafikiri, kisha wakaanza kusimulia.

Swali la kwanza lilinipa ambubegi, ule mfuko wa mpira wenye barakoa ndogo wa kumsaidia kupumua mtoto aliyezaliwa bila kulia. Mtoto wa namna hiyo anahitaji kusaidiwa ndani ya dakika ya kwanza, na huo si muda wa kuanza kutafuta barakoa au kugundua kwamba mfuko unavuja. Kila asubuhi Sista huibana barakoa kwenye kiganja, akabonyeza mfuko, akasikilizia kama hewa inasukuma na kama valvu inafunguka.

Swali la pili lilileta chati ya uchungu. Mama akiwa katika uchungu, mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa kila nusu saa na kuandikwa kwenye chati hiyo. Zamu ikiwa na mama wengi na mkunga mmoja, kuna kishawishi cha kuijaza baadaye, mezani. Sista huitambua chati ya mezani mara moja: wino ni ule ule kutoka juu hadi chini, mwandiko haukuharakishwa, na mapigo ni 140, 140, 140 tangu asubuhi. Moyo wa mtoto aliye tumboni hauendi hivyo. Hupanda na kushuka, kwa kawaida kati ya 110 na 160 kwa dakika.

Kulikuwa na madai mawili niliyotaka kuyahakiki. Mshereheshaji alitaka niseme Sista amezalisha watoto 10,000. Rejista za wodi zipo, kitabu cha MTUHA namba 12, ila jumla yake ni ya wodi nzima. Isitoshe, inchaji hutumia sehemu kubwa ya siku yake kwenye rosta, dawa na vifaa. Namba hiyo ingewanyang'anya wakunga wenzake kazi yao huku akiwa amekaa nao meza moja. Niliiacha. Dai la pili lilikuwa kwamba kila Krismasi alijipangia zamu ya usiku ili wenye watoto wadogo walale nyumbani. Nilifungua faili la rosta za miaka yangu 6 na kukuta ni mara 4. Niliandika mara 4, na sidhani kama kuna aliyeisikia akaiona ndogo.

Wagonjwa niliwaacha nje kwa makusudi. Katika mji kama wetu, ukisema mama aliyejifungua watoto watatu mwaka fulani, ukumbi mzima umeshamjua, na siri yake si zawadi yetu ya kumpa mstaafu. Katika kisa cha tochi niliondoa tarehe, umri na chochote kuhusu hali ya mama yule. Mkunga aliyeshona nilimwomba ruhusa, akakubali nimwonyeshe kwa mkono.

Lililonisumbua zaidi lilikuwa ukali wake. Wapo waliomwogopa, na hotuba ambayo isingeugusa ingewafanya wao waone tunamwaga mtu mwingine. Ndipo nikakumbuka asubuhi moja ya ripoti, ambayo utaisoma hapa chini. Hii ndiyo hotuba kama nilivyoisoma:

"Mheshimiwa mgeni rasmi, Mganga Mfawidhi, familia ya Sista, wafanyakazi wenzangu, itifaki imezingatiwa. Sista, shikamoo.

"Zamu yetu ya asubuhi huanza saa 1:30. Saa 1:10 Sista yuko chumba cha kujifungulia, barakoa ya ambubegi ameibana kiganjani, anabonyeza. Mwaka jana, asubuhi moja, valvu ilikuwa imekwama. Ilibadilishwa kabla mtoto yeyote hajaihitaji. Hakuna aliyepiga makofi siku ile, kwa hiyo naomba tupige leo.

"Wengi wetu tumewahi kurudishiwa chati. Sista haongei sana. Anaweka kidole kwenye namba, 140, 140, 140, anauliza, 'Huyu mtoto hajasogea hata kidogo?' Unachukua kifaa chako, unarudi kitandani kusikiliza.

"Kuna usiku umeme ulikatika na mama alikuwa anahitaji kushonwa. Mkunga wetu yule pale alikuwa mgeni kazini, mikono inamtetemeka. Sista hakumpokonya sindano. Alishika tochi kwa dakika 40, akamwambia, 'Endelea, nakuona.' Leo mkunga huyo ndiye anayewafundisha wanafunzi wetu kushona.

"Sista ni mkali. Aliyewahi kuchelewa ripoti hahitaji kusimuliwa. Asubuhi moja alimkaripia mwenzetu mbele yetu kwa kosa ambalo hakulifanya. Alipojua ukweli hakumwita ofisini. Alisubiri ripoti ya kesho yake, watu wale wale tumesimama, akasema, 'Jana nilimkosea mwenzenu, naomba anisamehe.' Mimi nilikuwepo. Tangu siku ile, wodi yetu watu husema wamekosea mapema, kabla kosa halijakua.

"Baba, na ninyi watoto wa Sista: katika Krismasi 6 nilizofanya naye kazi, 4 alikesha wodini ili wenye watoto wachanga walale kwao. Meza yenu ilikuwa na kiti kitupu kwa ajili yetu. Tunawashukuru ninyi pia.

"Sista, tunajua umeshalima matuta ya viazi nyuma ya nyumba, na umesema hutaki kupigiwa simu kabla ya saa 3 asubuhi. Tutajitahidi. Kesho saa 1:10 ambubegi nitaikagua mimi. Ahsante sana."

Nilikuwa nimejipima nyumbani kwa saa. Kwa sauti ya ukumbini, ukivuta pumzi na kuwasubiri watu wacheke, unasoma maneno kama 100 kwa dakika, na hii haikufika hata dakika tatu. Baada yangu kulikuwa na zawadi, keki na mgeni rasmi, na chakula kilikuwa kinapoa. Kilichonishangaza ni pale nilipotaja valvu. Wageni wasiojua ambubegi walitazamana, ila meza ya wakunga ilisimama yote.

Yule aliyewahi kukaripiwa alikuwa ameketi karibu na mlango. Siku mbili kabla nilimwendea na karatasi, nikamwomba aisome aya ile, nikamwambia akitaka naiondoa. Aliisoma mara mbili. Aliniomba nifute neno moja, lililosema kwamba alilia. Nililifuta.

Muziki ulipoanza, Sista aliniita mezani kwake na kuniomba karatasi. Aliisoma yote akiwa ameshusha miwani, kidole kikifuata mistari kama kinavyofuata chati. Kikasimama kwenye aya ya pili.

"Valvu si mwaka jana," akasema. "Ni mwaka juzi, mwezi wa saba. Mengine ni sawa."

Aliniazima kalamu yake. Nilikata neno, nikaandika jipya juu yake, nikatia sahihi ndogo pembeni, kama alivyotufundisha kusahihisha chati, kisha nikamkabidhi.