Visima Vilivyokamilika Kwenye Jedwali

Neema ni mratibu msaidizi wa mradi wa visima mkoani Singida. Jina na kisa chake nimevitunga, ila hatua za kazi anazozisimamia ndizo zinazofuatwa kwenye miradi ya maji vijijini, na makosa aliyoyakuta yanatokea kweli. Ana miezi mitatu kazini. Amekabidhiwa jedwali la ufuatiliaji, ambamo kila kisima kina mstari wake na kila hatua ina safu yake: kuchimba, kupima wingi wa maji, kupima ubora, kufunga pampu ya umeme wa jua, kujenga vituo vya kuchotea, kufundisha jumuiya ya watumia maji, kisha kukabidhi. Robo ya mwaka inakaribia kwisha. Kati ya visima tisa, sita vimeandikwa "Imekamilika" toka hatua ya kwanza hadi ya mwisho.

Siku moja anaagizwa kukusanya viambatisho vya ripoti ya mfadhili. Anafungua faili la kisima kimoja na kutoa fomu ya kupima wingi wa maji. Kipimo hiki hufanywa kwa kuvuta maji kisimani bila kusimama, kwa kasi isiyobadilika, mara nyingi kwa saa 24. Wakati pampu inavuta, mtu hushusha kamba ya kupimia na kuandika maji yamefika kina gani. Mwanzoni husoma kila dakika, baadaye kila nusu saa au saa nzima. Pampu ikizimwa anaendelea kusoma, safari hii akiangalia maji yanavyopanda kurudi mahali pake.

Fomu aliyoishika Neema ni safi mno. Maji yalianza mita 12 kutoka juu ya ardhi, yakashuka sentimita 30 saa ya kwanza, sentimita 30 saa ya pili, na hivyohivyo hadi saa ya 24. Kisima hakishuki hivyo. Kwa kawaida maji huporomoka haraka dakika za mwanzo, kisha kasi ya kushuka inapungua kadiri maji ya mbali ardhini yanavyoanza kusogea kuja kujaza pengo. Mwamba ukiwa na mipaka kasi inaweza kubadilika tena, lakini hatua 24 zilizo sawasawa, bila hata sentimita moja ya ziada, ni kazi ya kalamu. Tena sehemu ya kupanda kwa maji imeachwa tupu.

Hakukimbilia kumtuhumu mtu. Alipokwenda kijijini kwa kazi nyingine, alipita kwa bibi mmoja ambaye nyumba yake inatazamana na kisima.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Akamuuliza jenereta ya mafundi ilinguruma kwa muda gani siku ile ya kupima. Bibi hakuwa na haja ya kufikiri. Walianza jua likiwa limeshachomoza, akasema, na kabla ya magharibi walikuwa wamefungasha vyombo. Akaongeza jambo ambalo Neema hakuliuliza: siku hizi, ikifika mchana, bomba linatoa maji yenye mapovu na mchanga, kisha linakatika.

Hiyo ndiyo dalili kamili. Pampu inavuta kuliko kisima kinavyoweza kurudisha, maji yanashuka hadi usawa wa pampu, nayo inaanza kunyonya hewa.

Akiwa na wasiwasi huo, Neema alirudi kwenye safu ya ubora wa maji. Visima vyote sita vimeandikwa "Imekamilika", lakini vyeti vya maabara vipo vinne tu. Kwa viwili vilivyobaki kuna stakabadhi ya kupokelewa kwa sampuli, basi. Hapa hapakuwa na udanganyifu. Fundi aliripoti kwamba amemaliza kazi ya sampuli, akimaanisha amechota na kupeleka. Karani akaandika alivyosikia. Matokeo hakuna aliyeyafuatilia. Na Singida ni moja ya mikoa ambako maji ya ardhini huwa na floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Floraidi haina rangi wala harufu, kwa hiyo huwezi kuitambua kwa kuonja, na kuchemsha maji hakuiondoi. Mtoto anayekunywa maji ya namna hiyo miaka mingi meno yake hupata madoa ya kahawia yasiyosafishika, na ikizidi sana huathiri mifupa. Ndiyo maana kuandika "Imekamilika" kabla cheti hakijafika ni jambo zito, hata kama aliyeandika hakuwa na nia mbaya.

Mafunzo ya jumuiya nayo yalikuwa na karatasi yenye sahihi 15 za mwandiko mmoja. Hilo halikuhitaji utaalamu kuligundua.

Jioni aliingia kwa mhandisi wa mradi, mtu wa umri wa baba yake.

"Shikamoo Mhandisi. Naomba unisaidie kuisoma fomu hii, nadhani kuna mahali sielewi."

Mhandisi akaitazama, akafunua ukurasa wa pili, akarudi wa kwanza.

"Saa tisa usiku nani alikuwa anasoma kina?"

"Bibi wa jirani anasema waliondoka kabla ya magharibi."

Mhandisi alinyamaza. Sahihi ya kuidhinisha malipo ya hatua ile ilikuwa yake. Mkandarasi hulipwa hatua kwa hatua, na maombi ya malipo yanapofika mwisho wa robo mwaka, wakati fedha zisizotumika zinahitaji maelezo, kila mmoja ofisini anataka safu ijae. Jedwali lenyewe lilikuwa na majibu mawili tu, "Bado" na "Imekamilika". Kazi iliyofika nusu haikuwa na pa kuandikwa, ikaandikwa pale panapopendeza.

Mhandisi aliagiza kipimo kirudiwe kwa gharama ya mkandarasi, kwa kuwa mkataba ulikuwa umezuia asilimia 10 ya malipo hadi muda wa matazamio uishe. Safari hii Neema na fundi wa wilaya walikesha hapo. Fomu ya kwanza ilidai kisima kinatoa lita 6,000 kwa saa. Maji yalitulia pale tu koki ilipopunguzwa hadi lita 2,500.

Tofauti hiyo ina maana gani kwa watu? Pampu ya jua pale inafanya kazi vizuri kama saa sita kwa siku. Sera ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 ilitaka mwananchi wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku. Kwa hesabu ya kwanza kisima kingetosha watu 1,440. Kwa hesabu ya kweli kinatosha 600. Watu 840 walikuwa wameandikiwa maji ambayo ardhi ile haina.

Jedwali la mradi limebadilishwa. Neno "Imekamilika" halitoshi tena: kila safu inataka tarehe, karatasi ya ushahidi, na jina la aliyehakiki, ambaye hawezi kuwa mtu yuleyule aliyefanya kazi. Imeongezwa pia hali ya tatu, "Imefanyika, haijahakikiwa". Visima vilivyokamilika vimeshuka kutoka sita hadi vitatu, na ripoti ikaenda kwa mfadhili ikiwa na idadi hiyo.

Nawe uliye kwenye jumuiya ya watumia maji ya kijiji chako: usitie sahihi hati ya makabidhiano kabla hujaonyeshwa cheti cha maabara chenye jina la kisima chenu na fomu ya kupima wingi wa maji. Kisha waulize majirani wa kisima jenereta ilinguruma mpaka saa ngapi.