Fulana Mpya, Mchoro Uliochakaa

Ukimpelekea fundi wa kuchapa fulana mchoro wako, jambo la kwanza atakalotaka kujua ni idadi ya rangi zilizomo. Ana sababu. Kila rangi inahitaji fremu yake. Kitambaa cha wavu huwambwa kwenye fremu, kikapakwa dawa inayoganda kwa mwanga, kikaangaziwa huku filamu ya mchoro ikiwa juu yake, kisha kikaoshwa. Pale ambapo filamu ilikuwa nyeusi dawa huondoka na wavu hubaki wazi, na hapo ndipo wino utakapopita kwenda kwenye fulana. Rangi mbili ni fremu mbili, rangi sita ni fremu sita, na kwa mtu anayetaka fulana ishirini tu, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kazi itafanyika au itaachwa.

Siku hizi wateja wengi hufika na picha waliyotengenezewa na programu ya akili mnemba. Huwa inavutia kwenye simu, lakini ina maelfu ya rangi, na mara nyingi imeombwa iwe na sura ya kizamani, kama fulana iliyofuliwa miaka ishirini. Hapo ndipo kazi inapoharibika, kwa kuwa maneno yaliyoandikwa kuiagiza hayakuzingatia fremu.

Tuanze na uchakavu wenyewe. Fulana nyingi huchapwa kwa plastisoli, wino wa plastiki ambao haukomai kwa hewa wala jua. Huhitaji joto la nyuzi 160 hivi za selsiasi, na joto hilo lazima liingie hadi chini ya tabaka lote. Ukishakomaa hukaa juu ya kitambaa kama ngozi nyembamba. Fulana inapokunjwa, kuvutwa na kufuliwa, ngozi hiyo hupasuka, na ikiwa wino haukuiva vizuri hupasuka mapema zaidi. Vipande hubanduka, na rangi ya fulana huanza kuchungulia katikati ya mchoro. Kwa hiyo uchakavu wa fulana ni wino uliotoka. Hakuna kilichoongezwa.

Programu hailijui hilo. Imejifunza kutokana na picha nyingi mno, na ndani yake uzee ni karatasi iliyogeuka manjano, kutu, vumbi la kijivu, madoa ya kahawia. Ukiomba picha ya kizamani bila kufafanua, itakuongezea uchafu. Na kila doa la uchafu, kwa fundi, ni rangi nyingine ya kuchapa.

Tuchukue mfano. Tunataka fulana nyeusi yenye mchoro wa MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Kama kuna chombo kinachostahili kuchorwa kikiwa kimechakaa, ni hiki. Kiliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kikafunguliwa vipande, kikasafirishwa hadi Dar es Salaam, kikapelekwa Kigoma na kuungwa upya huko. Mwaka 1915 kilishushwa majini kikiitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe walikizamisha ili kisiangukie mikononi mwa adui. Waingereza walikiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 kikarudi kazini kwa jina la Liemba. Tutatumia wino wa rangi mbili, krimu na chungwa la kutu, na weusi wa fulana utatupa rangi ya tatu bila malipo.

Mtu mwenye haraka ataandika hivi:

```
vintage distressed t-shirt design of MV Liemba ship, transparent background
```

Maneno ni machache, lakini mitego ni mitatu. Neno la fulana humfanya mchoraji huyu wa mashine achore fulana yenyewe, mara nyingine ikiwa imevaliwa na kijana mtanashati aliyeegemea ukuta, na mchoro wako ukiwa umejikunja kifuani pake. Ombi la mandharinyuma inayopenya nuru nalo ni la kubahatisha: programu nyingi hazitoi picha ya namna hiyo, badala yake huchora vile vimraba vya kijivu na vyeupe ambavyo kwenye kompyuta humaanisha kwamba hapa hapana kitu. Utaviona ni sehemu ya picha, na kuving'oa ni kazi ya jioni nzima. Mtego wa tatu ni jina. Programu yaweza isiijue Liemba vya kutosha, ikakuchorea meli kubwa ya bahari kuu yenye mabomba manne ya moshi. Liemba ina bomba moja, na mtu wa Kigoma ataliona kosa hilo kabla hujamaliza kuivaa.

Agizo linalofaa huanza kwa kumfikiria fundi:

```
old lake steamer with one funnel, side view, bold linocut print,
only two flat colours, cream and rust orange,
on solid plain black background,
worn ink: cracks and missing patches show the same black,
wear mostly near the edges, no shading, no text, wide empty margin
```

Nimeliandika kwa Kiingereza kwa sababu programu nyingi za picha hukielewa vizuri kuliko lugha nyingine. Kiini chake ni mstari wa nne. Haukutaja uzee kabisa. Unasema wino una nyufa na mapengo, na kwamba kinachoonekana kwenye mapengo ni weusi uleule wa nyuma. Uchakavu ukielezwa hivyo hauongezi rangi hata moja, na kwenye fulana nyeusi kila ufa ni mahali ambapo fundi hatachapa kitu. Kama fulana ingekuwa nyeupe, mandharinyuma na nyufa vyote vingeombwa viwe vyeupe.

Jambo la pili ni kutaja ufundi wa kuchonga linoleo. Kuikataza mashine vivuli na rangi zinazofifia husaidia kiasi tu, tena baadhi ya programu zina kisanduku tofauti cha mambo yasiyotakiwa na hazizingatii sana makatazo yakiandikwa ndani ya maelezo ya kawaida. Kutaja sanaa ambayo kwa asili haina vivuli kuna nguvu zaidi. Mchongaji wa linoleo hana namna ya kufifisha rangi kama mwenye brashi. Ama amekata ama hajakata, sawa na fremu ya fundi, ambayo ama inapitisha wino ama haipitishi. (Tingatinga, naipenda, lakini kwa kazi hii usiitaje. Utapata rangi nane zinazong'aa na mandharinyuma yanayoyeyuka kutoka bluu kwenda pinki.)

Picha ikija, usiisifu bado. Ivute ikuzwe sana uangalie weusi wa nyuma. Kwa macho ni mweusi mmoja, kumbe una vivuli kadhaa vilivyokaribiana, na kingo za meli zina kijivu kati ya krimu na nyeusi. Hilo ni la kawaida, na agizo peke yake haliliondoi. Lazima picha ishushwe kwa nguvu hadi rangi tatu kamili.

Kuna pia suala la ukubwa. Picha nyingi za aina hii huwa na pikseli 1024 kila upande. Zikitandazwa kwenye mchoro wa sentimita 28, kila pikseli inakuwa na upana wa zaidi kidogo ya robo milimita. Wavu wa kawaida wa kuchapa fulana una nyuzi 43 kwa kila sentimita, maana yake uzi hadi uzi pia ni karibu robo milimita. Basi chembe ya krimu yenye upana wa pikseli moja haina nyuzi za kutosha kuizunguka: ama itazibwa na uzi, ama itatoka leo isitoke kesho. Ufa mweusi wa upana huohuo nao utafunikwa, kwani wino husambaa kidogo unapokandamizwa. Kwa kadiri yangu, chochote chini ya nusu milimita hakifai kutegemewa.

Inkscape, programu ya bure, hutatua yote mawili kwa pamoja. Chagua picha, fungua Path, kisha Trace Bitmap, nenda Multicolor. Weka Detection mode iwe Colors na Scans iwe 3. Kwenye Speckles weka 6 au zaidi; namba hiyo huzifuta chembe ambazo eneo lake halizidi pikseli sita, yaani zile ambazo wavu usingezibeba. Ondoa alama kwenye Stack ili rangi zisilaliane. Unapata maumbo matatu: jeusi unalifuta, krimu na chungwa kila moja linakwenda kwenye filamu yake likiwa limejazwa nyeusi tii. Maumbo haya hukuzwa upendavyo bila kingo kuvunjika.

Kuondoa Stack huacha mwanya mwembamba kati ya rangi mbili. Kwenye mchoro safi mwanya huo ungekuwa aibu, na ungelazimika kuzipandisha rangi kidogo moja juu ya nyingine. Kwenye mchoro uliochakaa unaonekana kama ufa mwingine. Fremu ikiteleza nusu milimita wakati wa kuchapa, mambo ni yaleyale. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya mafundi wadogo kuupenda mtindo huu, ingawa hawatakuambia.

Maandishi niliyakataza kwenye agizo kwa makusudi. Programu bado hukosea herufi, na KIGOMA yenye herufi iliyopinduka haiuziki. Andika neno mwenyewe kwa fonti nzito. Tatizo ni kwamba neno litakuwa jipya kabisa chini ya meli iliyochoka, na jicho hugundua uongo huo mara moja, kwa kuwa fulana inapokunjwa hukunjika yote. Ufa hauishii pale meli inapoishia. Ukiwa na maandishi, ni bora ugawe kazi. Agiza meli safi isiyo na nyufa, kisha agiza picha ya pili ya nyufa tupu:

```
cracked worn ink texture only, pure black and white, no grey, flat, no objects
```

Itafutishe picha hiyo kwa njia ileile, uilaze juu ya meli na neno kwa pamoja, na utumie Difference chini ya Path kukata mapengo kutoka kila rangi. Punguza nyufa pale zinapopita kwenye bomba la moshi au zinapoigeuza G kuwa C. Kutoa kama sehemu moja ya kumi ya wino kunatosha. Ukizidisha, mteja atadhani umemuuzia kazi iliyoshindikana.

Wapo watakaosema haya yamepitwa, kwamba sasa kuna mashine zinazochapa rangi zote kwenye filamu na kuibandika kwa joto. Ni kweli idadi ya rangi hapo si hoja. Lakini mashine hizo huweka wino mweupe chini ya mchoro, na kila pikseli iliyofifia nusunusu huacha ukungu mweupe kwenye fulana nyeusi. Nyufa zenye kingo za kijivu ndizo zinazoumia kwanza.

Kabla fundi hajaanza, mwombe achape moja kwenye kitambaa chakavu cheusi, na mkae pamoja anapoosha fremu. Maji yakipita, tazama chembe ndogo za pembeni mwa meli. Zisipofunguka, mwambie asizilazimishe kwa maji ya nguvu, maana dawa itabanduka na kingo za meli zitaliwa. Rudi kwenye Inkscape, pandisha Speckles, toa filamu nyingine.