Siku 90 za Pakiti, Siku 144 za Mlimani

Tuchukue pakiti ya mbegu ya mahindi ya muda mfupi iliyoandikwa kwamba hukomaa kwa siku 90. Mkulima wa Mombo, chini ya milima ya Usambara, ameipanda tarehe 10 Machi. Siku ya kupanda haihesabiwi. Machi zimebaki siku 21, Aprili ina 30, Mei ina 31, jumla 82. Zimepungua 8, nazo zinaangukia Juni. Kwa hiyo anaandika ukutani: Juni 8.

Hesabu hiyo ni sahihi, ila inategemea mambo mawili ambayo pakiti haiyasemi: saa ya kuanzia kuhesabu, na joto la mahali.

Tuanze na la kwanza. Wengi hupanda udongo ukiwa bado mkavu, wakiisubiri mvua. Punje iliyolala kwenye vumbi haikui, inangoja tu. Mvua ikinyesha Machi 22, siku 12 zimepita bure, na hesabu inapaswa kuanzia hiyo Machi 22. Juni 8 inasogea hadi Juni 20. Ndiyo maana katika daftari la shamba inafaa kuandika tarehe mbili: ya kupanda, na ya mvua ya kwanza iliyolowesha udongo hadi ilipo mbegu.

La pili ni zito zaidi. Barabara ya kutoka Mombo inapanda hadi Lushoto, kiasi cha mita 1,000 juu zaidi. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Mhindi nao haujui kalenda, unajua joto. Chini ya nyuzi 10 karibu unasimama kukua, kwa hiyo joto linaloufaa ni lile tu linalozidi hapo.

Tuseme wastani wa siku huko Mombo ni nyuzi 26. Ukitoa 10, kila siku mmea unapata 16. Kwa siku 90 unakusanya 1,440, na hicho ndicho kipimo cha kweli cha mbegu ile. Sasa ipande Lushoto, tuseme kwa wastani wa nyuzi 20. Kila siku mmea unapata 10 tu, na 1,440 itatimia baada ya siku 144. Mbegu ni ileile, tarehe ya kuanzia ni ileile Machi 10, lakini kukomaa kumehama kutoka Juni 8 hadi Agosti 1. Na kwa kuwa Juni na Julai ni miezi ya baridi, huenda ikachelewa hata zaidi. Anayeisoma pakiti bila kuuliza namba hiyo ilipimwa wapi atawaita vibarua wavune mahindi ambayo bado yana maziwa.

Njia nzuri ya kuisahihisha tarehe msimu ukiwa katikati ni ndevu. Siku ambayo nusu ya mimea shambani imetoa ndevu, iandike, kisha uhesabu upya. Toka hapo hadi kukomaa ni kama siku 45 kwenye joto na 60 au zaidi kwenye ubaridi. Hesabu hii hukosea kidogo kuliko ile ya mwanzo, kwa sababu ucheleweshaji wote wa kuota na kurefuka umeshapita.

Tarehe ikikaribia, shamba lenyewe ndilo litoe jibu la mwisho. Vunja gunzi katikati, ng'oa punje, utazame kitako chake. Ukikwangua kwa ukucha ukaona alama nyeusi, punje imefunga mlango wa chakula na haitaongezeka uzito tena. Imekomaa.

Lakini kukomaa si kukauka, na hapa ndipo wengi hupata hasara. Punje yenye alama nyeusi bado karibu theluthi ya uzito wake ni maji, wakati ya kuweka ghalani inatakiwa ibaki na asilimia 13 hivi. Kwa hiyo kwenye Juni 20 yetu ongeza wiki mbili hadi nne za jua kabla ya kutaja siku ya kuvuna. Kupima ukavu, tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, uitikise, kisha uiache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, anika tena. Usiache mahindi makavu yasimame shambani wiki nyingi, maana dumuzi na panya hawangoji tarehe ya mtu.

Msimu ukiisha, andika siku zilizopita kweli kuanzia mvua ile hadi alama nyeusi. Baada ya misimu mitatu utakuwa na namba ya shamba lako, na hiyo ndiyo ya kuongeza kwenye tarehe yako ya mvua ya kwanza iliyolowesha mbegu.